Mita Mia Puani mwa Kona

Kwa miaka mingi nimekana kwamba yule kijana alinisaliti. Nilipoulizwa nilisema alikosea hesabu. Nilisema hivyo kwa upole wa mtu aliyesoma, nikageuza mazungumzo. Kweli ni kwamba niliumia, na aibu ya kuumia ilizidi maumivu yenyewe.

Tulikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, mimi na yeye, tumepelekwa wakati wa likizo kwenye ofisi ya barabara Musoma kujifunza kazi. Vijiji vipya vya ujamaa vilikuwa vinavuna pamba, na malori yaliyoipeleka Bunda yalipita kona moja upande wa Butiama, barabara inapozunguka kilima cha mawe. Injinia wetu, mtu wa Suguti, alitaka kibao cha mwendo pale, na mwendo hautoki hewani. Unatoka kwenye nusu kipenyo. Akatuambia pia, akikoroga chai, kwamba mmoja wetu ataajiriwa tukimaliza masomo. Nafasi ilikuwa moja. Niliitaka kuliko nilivyomtaka mchumba, na mchumba nilikuwa simtaki hata kidogo.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Unavuta kamba ya mita ishirini, ncha zote mbili zikigusa ukingo wa nje wa barabara, kisha katikati ya kamba unapima pengo mpaka kwenye ukingo. Urefu wa kamba unauzidisha kwa wenyewe, unagawanya kwa pengo mara nane. Unapata nusu kipenyo cha duara linalokaribia kabisa kukaa juu ya kona, mahali pale.

Mahali pale. Hilo ndilo jambo lote, na yeye ndiye aliyenifundisha. Mwaka wa kwanza nilikuwa sielewi kitu, nikijifanya naelewa, ndipo akanichorea mstari uliopinda na kuweka juu yake sarafu, halafu kifuniko cha chupa, halafu sahani. Panapopinda sana panataka duara dogo. Panaponyooka panataka duara kubwa. Kila nukta na duara lake. Nikafaulu mtihani kwa sahani ile.

Siku ya kupima alianzia kwenye mkono wa kona, barabara inapoanza tu kupinda, penye kivuli. Pengo sentimita kumi na nane. Nusu kipenyo karibu mita mia mbili na themanini.

"Tumemaliza," akasema.

"Bado puani, inapopinda zaidi."

"Puani kuna miiba. Kona ni kona, dada."

"Basi shika ncha hii, mimi niingie miibani."

"Nyinyi watu wa Kiriba mnapima barabara kama mnatega nyavu."

"Na nyinyi wa Bunda mkiona pembe moja mnasema mmehesabu ng'ombe wote."

Alicheka, akashika ncha. Gauni lilichanika, pengo likawa nusu mita kamili. Nusu kipenyo: mita mia. Tulifunga ncha, na yeye mwenyewe ndiye aliyenisomea futi.

Asubuhi ya kesho yake tulisimama mbele ya meza. Nikatoa mita mia. Nikamngoja aseme ameiona.

"Ndugu Injinia," akasema, "mimi nimepata mia mbili themanini. Mwenzangu labda amechanganyikiwa. Kona moja haiwezi kuwa na majibu mawili."

Nilimtazama. Hakunitazama. Nilikuwa na maneno mengi, ya Kiswahili na ya Kijita. Ningeweza kudai kamba iletwe. Badala yake nikasema, kwa adabu kubwa ya kijinga, "Labda." Neno moja, nikaikabidhi nafasi yangu.

Aliajiriwa yeye. Mimi nikawa mwandishi wa makala, kazi ambayo mtu hakuombi upime chochote. Na nikaanza kumtetea: jua lilikuwa kali, alisahau, wanaume huogopa miiba. Kumwita mjinga kulikuwa rahisi kuliko kumwita mwongo.

Miaka ilipita. Injinia alikuwa amestaafu na nilitaka habari za barabara za zamani kwa ajili ya makala, nikampigia simu. Tulizungumza pamba, tukazungumza mvua. Nikaulizia kona, kana kwamba imenijia tu.

"Ile? Hakujapinduka lori hata moja, binti yangu. Mwenzako wiki ile ile aliyoanza kazi aliniletea kibao cha kilomita hamsini."

"Hamsini tu? Kwa mia mbili themanini?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema puani ni mita mia."

"Alirudi kupima?"

"Huyo? Alikuwaga hapendi jua. Hapana, hakupima. Alisema anaijua tangu likizo ile."

Nikamshukuru mzee, nikakata simu.