Hela Isiyoingia Jikoni

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni, mume wangu alisukuma baiskeli yake mpaka uani, akakuta sketi ya shule juu ya cherehani yangu. Watoto wetu wote walikuwa wavulana.

"Hii ya nani?"

Nilimwambia ni ya binti wa jirani, na mama yake angelipa shilingi tano.

"Funika hiyo cherehani, mama. Kesho mtaa mzima wa Kanyenye utasema fundi baiskeli ameshindwa kulisha nyumba yake, mkewe anashonea watu."

Hakupaza sauti. Nikafunika.

Cherehani ilikuwa ya mkono, nimeirithi kwa shangazi. Kushona nilijifundisha kwa kufumua gauni kuukuu, kulaza kila kipande juu ya gazeti na kukata kwa kufuata ukingo wake. Miaka ile serikali ilitaka kila mtoto aende shule, na mafundi wa mjini hawakuwahi kumaliza sare. Kazi ilikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa.

Nilipima njia zangu. Kwenda kwa wazazi kungekuwa kumshitaki. Kumwita mshenga wa ndoa yetu kungelifanya jambo kesi. Nilijua pia kwamba katika dini yetu chakula cha nyumba ni juu ya mume, na anachochuma mke ni chake. Lakini kumsomea mume sheria ni kumwambia mkutane kwa kadhi, na mimi nilitaka kubaki naye.

Ikabaki njia ya utani. Mume wangu ni Mnyamwezi, na alikuwa na mtani wake Mzaramo, mfanyakazi wa reli, ambaye kila Ijumaa alikuja kula kwetu bila kualikwa. Utani wao waliurithi toka enzi za misafara, babu zao walipokutana njiani kati ya hapa na pwani. Neno la mtani hulikasirikii. Ukikasirika, umeaibika wewe.

Ijumaa ile, mume wangu akiwa bado msikitini, nilimweleza mtani jambo lote nikiwa mlangoni, yeye barazani. Nilimwomba kitu kimoja: asiseme kwamba mume wangu amekosea.

Mume wangu aliporudi, na wote wawili wakaisha kunawa mikono, mtani akaanza.

"Mpagazi wangu, babu yako alibeba pembe hadi kwetu. Nani alikuwa nyuma yake?"

"Babu yako, akimwibia viazi."

"Nyuma yake alikuwa bibi yako, na sufuria kichwani. Njia nzima akipika, akiuza pombe kambini. Kuna aliyesema babu yako ameshindwa kumlisha?"

"Bibi yangu alikuwa mbele ya macho ya mumewe."

"Na huyu yuko wapi? Uani kwako. Au unataka akubebee sufuria mpaka kwenye karakana?"

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na wali. Mimi sikutokeza.

Siku mbili baadaye aliniita mwenyewe chumbani. Alikuwa ameyapanga masharti yake. Cherehani itakaa ndani, nyuma ya pazia. Wateja ni wanawake, na waume zao wakitaka kitu watapitia kwake. Nikakubali yote mawili.

"La tatu," akasema, "hela yako isiingie jikoni. Unga, mafuta ya taa, kitoweo, nitaleta mimi. Siku nikikosa, tutalala na uji, lakini uji wangu."

Hapo nikaelewa alichokuwa akikilinda. Nami nikaomba langu moja: mtu akimuuliza, aseme yeye ndiye aliyenipa kazi hiyo. Akanitazama kidogo, akasema, "Hilo nitalisema bila kuulizwa." Na alilisema. Wateja wangu wa kwanza kutoka mtaa wa Chemchem walitumwa na yeye.

Miezi ilipita, vipuri vya baiskeli vikaadimika. Kuna wiki tulikunywa uji kweli, mchana na jioni, na fedha zangu zikiwa kwenye kopo juu ya kabati. Sikuligusa. Sikuwahi kufanya kazi ngumu kuliko ile.

Kisha Ijumaa moja mtani alikuja mapema, akakaa barazani.

"Shemeji, nimetumwa na mpagazi mmoja mwenye haya. Duka la ushirika limepata matairi. Anaomba umkopeshe mia tatu. Anasema si za jikoni, ni za karakana."

Nilimpa yeye, si mume wangu, zifike kwa njia ileile iliyoleta ombi. Jioni mume wangu alirudi na nyama. Alisimama kwenye pazia, akaniinulia kitambaa kilichokuwa kinaburuzika sakafuni.

Mkopo aliurudisha wote kabla ya Ramadhani, mkononi mwangu, bila mjumbe. Nilizitia fedha hizo koponi pamoja na zilizokuwemo, zikawa shilingi mia sita na arobaini.