Shangazi Athibitisha Umaskini Wake

Shangazi yangu anafua mazulia. Anayafua uani kwake, kwenye sakafu ya saruji inayoteremka hadi kwenye mfereji, na watu laki mbili wa nchi mbalimbali wanamtazama kupitia simu zao. Haongei sana. Anamwaga sabuni, anasugua, kisha anakokota maji machafu kwa ubao wenye mpira hadi zulia lionyeshe rangi ambayo hata mwenyewe alishaisahau. Kwa nini mtu wa ng'ambo ajilaze kitandani kutazama uchafu wa zulia la watu asiowajua, mimi sijui. Shangazi naye hajui, na hajawahi kuona haja ya kuuliza.

Kazi yangu ni kukata video na kuzipakia. Kila mwezi jukwaa la video hutuma fedha za matangazo, nami humsomea Shangazi kiasi kilichoingia. Mara mojamoja kampuni za sabuni za nje humlipa azitaje bidhaa zao. Kodi ya kufua mazulia ya wateja huwa analipa. Kuhusu fedha za nje, alikuwa na msimamo wake: "Pesa imetoka kwao, wameikata wenyewe huko kwao. Ikatwe mara ngapi, kwani ni nyasi?"

Mambo yaliharibika kwa sababu ya jirani yetu, mshonaji. Siku moja alichungulia juu ya ukuta akasema, "Shoga, miaka yote kwenye povu, na kandambili ni zilezile?"

Uani palikuwa na gari kubwa jeupe la mteja, lililoletwa lisafishwe viti na zulia la sakafuni. Shangazi aliingia ndani, akarudi na hereni, akakaa nyuma ya usukani na kuniamuru nirekodi.

"Mnaoniuliza kama kufua kunalipa," aliiambia simu, "kwa mwezi mimi naingiza milioni arobaini. Na hili hapa ni la kwendea sokoni tu."

"Shangazi, lakini..."

"Pakia."

Nikapakia. Hakuna video yetu iliyowahi kutazamwa kama ile. Kwa wiki tatu nzima jirani hakuchungulia tena ukutani.

Kisha barua ikaja kutoka ofisi ya kodi. Niliisoma kimya kwanza, halafu kwa sauti. Walikuwa wameona video. Walikuwa wamezidisha milioni arobaini mara kumi na mbili, na kwa kuwa Shangazi hakuwahi kutangaza hata senti moja ya nje, walimkadiria kodi kwa kiasi hicho, na adhabu juu. Ukiuza nyumba, ua na mimi mwenyewe, deni lisingefika nusu. Na barua ilisema wazi: usipopinga kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa, makadirio yanabaki kuwa deni.

"Wamenionea wivu," Shangazi alisema, lakini aliketi chini.

Niliandika pingamizi, tukalipeleka ofisi ya kodi pamoja na mfuko uliojaa nyaraka. Afisa wa kodi alikuwa kijana mwenye miwani na meza nadhifu mno. Alitukaribisha, kisha akageuza kompyuta yake kuelekea kwetu. Pale kwenye kioo alikuwa Shangazi, na hereni zake, akitikisa usukani.

"Huyu ni wewe, Mama?"

"Ni mimi, mwanangu. Ila aliyesema ni hasira."

"Hasira inaingiza milioni arobaini?"

"Haiingizi kitu! Nilikuwa namkomesha jirani."

Afisa alivua miwani. "Mama, watu wote wanaokaa kwenye kiti hicho huniambia hawana pesa. Wewe ulishawaambia watu milioni mbili kuwa unazo. Sasa kuthibitisha kuwa huna ni kazi yako, si yangu."

Ndipo nikafungua mfuko. Kwanza nilitoa taarifa za malipo za jukwaa, mwezi kwa mwezi, halafu za benki zinazolingana nazo, kila malipo yakiwa yamebadilishwa kwa kiwango cha ubadilishaji fedha cha siku yalipoingia. Mwezi mnono kuliko yote ulikuwa milioni moja na laki mbili. Shangazi alitazama dirishani wakati nikisoma, kama mtu anayevuliwa nguo kwa daktari.

"Na gari?"

Nikatoa kitabu cha stakabadhi. Nakala ya siku ileile: kusafisha viti na zulia la gari, namba ya gari, sahihi ya mwenyewe. Afisa alisogeza pua hadi kwenye kioo, akalinganisha namba, akaandika kitu. Mdomo wake ulicheza kidogo.

"Sawa. Milioni arobaini tumeziondoa. Lakini hizi za kweli, Mama, unadaiwa."

"Si walishakata huko?"

"Unaishi hapa, kazi unaifanyia hapa. Kodi ya mapato ni ya hapa hata kama mlipaji yuko mwisho wa dunia. Walichokata huko ni kodi ya zuio, inayokatwa kabla pesa haijakufikia, na tazama, ni kwa sehemu ya watazamaji wa nchi yao tu. Mkiwa na cheti cha makato hayo, tutayapunguza kwenye kodi ya hapa, mradi yasizidi kodi ya hapa juu ya pesa hiyohiyo."

Cheti nilikuwa nacho. Shangazi alinitazama kama vile nimezaliwa upya.

"Matumizi ya kazi tunatoa pia," afisa aliendelea. "Sabuni, maji, intaneti, malipo ya binti."

"Na hereni?"

"Hereni hapana."

"Nilizivaa kazini!"

"Mama, hata harusini unazivaa." Alifungua ukurasa mwingine. "Hii mashine ya kufyonza maji, kwenye video ya mwezi wa sita, uliinunua?"

"Zawadi," Shangazi alisema kwa fahari. "Kampuni ilinitumia niionyeshe."

"Basi si zawadi, ni malipo. Tunaiandika kwa bei ya sokoni. Kisha kwa kuwa unaifanyia kazi, kila mwaka utapunguziwa kodi kwa uchakavu wake."

"Nimelipwa mashine, nilipe kodi kwa pesa?"

"Ndiyo."

"Siwezi kuwaletea kipande cha mpira wake?"

Afisa alikohoa ndani ya kiganja. Akaenda mstari kwa mstari hadi mwisho wa orodha, akasimama kwenye kiasi kimoja kilichozidi vingine vyote. Ndio ule mwezi wa milioni moja na laki mbili.

"Hii imetoka wapi?"

Nilitamani sakafu inimeze. "Matangazo ya ile video," nikasema. "Ya gari."

Shangazi alielewa taratibu, na uso wake ukajikunja.

"Yaani uongo wangu nao unalipiwa kodi?"

"Uongo haulipiwi, Mama. Ulichoingiza ndicho kinacholipiwa."

Jumla, pamoja na adhabu ya kuchelewa, ilifika bei ya ng'ombe wawili, na afisa alikubali Shangazi alipe kwa awamu sita. Nyumba ilibaki. Shangazi alipumua hadi karatasi zikasogea. Kilichosalia ni afisa kuandika sababu ya kufuta makadirio ya kwanza.

"Mlipakodi amekiri kuwa alidang..."

"Ishie hapohapo," Shangazi alisema. "Nina watazamaji mimi."

"Faili ni siri, Mama. Haitoki humu."

"Hata humu sitaki. Tafuta neno lingine, umesoma bure?"

Afisa alifuta, akafikiri, akaandika tena na kunigeuzia kioo nimsomee Shangazi: "Kauli iliyotolewa kwenye video haikulingana na nyaraka."

Shangazi alinitaka niisome mara mbili, macho kayafumba. Kisha akavuta kalamu.

"Nzuri sana hiyo," alisema akitia sahihi. "Anayesoma atadhani nyaraka ndizo zilizokosea."