Siku Saba za Nassibu

Nassibu Mwinjuma ni fundi mitambo katika kiwanda cha mikate huko Temeke, na anaishi Mbagala Kiburugwa na mkewe Raudha. Ni mtu mpole, mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu ya kuungua, na ana tabia moja inayomkera mkewe: akiulizwa swali gumu hujibu "sawa" kwanza, halafu ndipo huanza kulifikiria.

Mwaka ule kiwanda kilileta oveni mpya. Ilikuwa ndefu kama basi, na tangu wiki ya kwanza ilikuwa inasumbua. Mkanda unakwama, mikate inaungua upande mmoja, moto unazima wenyewe. Msimamizi wake, kijana mmoja aitwaye Praygod, akamwomba awe anabaki baada ya zamu. Nassibu akasema sawa.

Masaa yale ya ziada yalikuwa na utaratibu wake. Wafanyakazi na kiwanda walikuwa wamekubaliana kwa maandishi kwamba mtu achague: alipwe ovataimu yake pamoja na mshahara wa mwezi, au masaa yageuzwe kuwa siku za kupumzika, walizoziita siku za fidia. Wenzake karibu wote walichagua hela. Nassibu alichagua siku.

Sababu ilikuwa mama yake, Bi Mwanaheri, aliyekuwa akiishi Mkuranga. Macho yake yalikuwa yametanda ukungu, na daktari alisema ni mtoto wa jicho, atapasuliwa. Baada ya upasuaji lazima awepo mtu wa kumtilia dawa mchana kutwa, kumzuia asiiname, asikaribie moto wala asisugue jicho. Raudha alikuwa na meza yake ya vitenge sokoni Rangi Tatu. Akifunga wiki mbili, wateja wanahamia kwa jirani. Nassibu akamwambia, "Usijali. Mie ninaweka siku. Nitakaa na mama mwenyewe."

Siku zilipotimia, alikwenda kuomba. Praygod akamsihi, "Kaka Nassibu, ukiondoka sasa hivi hii oveni itatuaibisha. Nivumilie mwezi mmoja." Nassibu akasema sawa, wakasogeza tarehe ya upasuaji wa mama. Mwezi ukaisha, mkanda ukakatika. Praygod akaomba tena. Tarehe ikasogezwa mara ya pili, na Bi Mwanaheri akawa anapapasa ukuta kwenda chooni.

Safari ya tatu Praygod mwenyewe ndiye aliyemfuata. "Nenda kaka. Una siku kumi na mbili zako, wiki mbili nzima. Kamuuguze mama."

Jicho likapasuliwa salama, mama akaletwa Kiburugwa kwa mwanawe, na Nassibu akaanza maisha asiyoyajua. Kwa miaka yote alikuwa akiondoka nyumbani kabla jua halijatoka. Hakujua kwamba saa nne mtaani kwake kunakuwa kimya hivyo, wala kwamba mama yake anapenda kuimba kaswida akiwa peke yake. Alimtilia dawa, akampikia uji, akaunguza wa kwanza. Bi Mwanaheri akacheka. "Fundi wa mikate na uji unakushinda?"

Daktari alipoondoa kitambaa, mama alimtazama mwanawe muda mrefu. "Una mvi, Nassibu."

"Zina siku nyingi hizo, mama."

"Mie sikuziona."

Wiki ya pili ilikuwa imeshaanza pale ujumbe wa benki ulipoingia kwenye simu. Mshahara. Nassibu akausoma, akatoka nje kwenye mwanga, akausoma tena. Ulikuwa umezidi, tena si kidogo. Aliporudi Raudha jioni akamwonyesha.

"Alhamdulillahi," Raudha akasema. "Wamekukumbuka kwa ile oveni."

"Wamenikumbuka vipi? Ovataimu mie sikuchukua hela, nilichukua siku."

"Basi wamekupa na siku na hela. Unalalamika?"

Hakulalamika, lakini hakutulia. Akampigia Talha, mwenzake wa zamu. Talha akasema, "Kaka, wakikulipa maana yake siku umeziuza. Sasa kama siku umeziuza, huko nyumbani unafanya nini?"

"Nimeruhusiwa."

"Umeruhusiwa kwa siku zipi? Zishakuwa hela hizo. Angalia wasije wakakuandika mtoro. Utoro ukizidi siku tano ni kesi ya kufukuzwa."

Nassibu alikata simu, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Alijaribu kulipanga jambo lile kichwani kama anavyopanga vipuri vya mashine: alifanya kazi, kazi ikawa masaa, masaa yakawa siku, siku akazichukua. Sasa hizohizo siku zimekuwa hela, na hela iko benki, na yeye yuko nyumbani. Kila alipofika hapo kimoja kilizidi au kilipungua. Kama amelipwa, yuko wapi sasa hivi? Kazini hayupo. Likizo hakuomba.

Asubuhi alimtilia mama dawa, akamwomba jirani, Mama Najat, amwangalie hadi adhuhuri, akaenda kiwandani na nguo za nyumbani. Mlinzi akamtania kwamba amenenepa. Akapita moja kwa moja hadi ofisini.

Afisa utumishi wa kiwanda aliitwa Auleria, mwanamke wa makamo kutoka Bukoba, msemaji wa taratibu sana. Nassibu alikaa mbele yake akaweka simu mezani, ule ujumbe ukiwa wazi.

"Dada Auleria, hii hela ni ya nini?"

Auleria akaangalia kompyuta yake. "Ni siku zako saba za fidia. Zimepitisha miezi sita hujazitumia, kwa hiyo zimelipwa. Ndivyo tulivyokubaliana. Siku ya fidia ikikaa zaidi ya miezi sita haipotei, inageuzwa hela kwa kiwango cha mshahara wa siku."

"Lakini mimi nipo ninazitumia. Wiki ya pili hii."

Auleria akavua miwani. "Unatumia zipi?"

"Kumi na mbili."

"Bwana Nassibu, siku uliyoanza kupumzika ulikuwa na tano tu. Zile saba za mwanzo zilikuwa zimeshapita muda wake kabla hujatoka. Nani alikwambia kumi na mbili?"

Nassibu alisikia masikio yakimpiga kelele kama ule mkanda unapokwama. Akataja jina la Praygod. Auleria akainua simu ya mezani, na Praygod akaja akiwa bado na unga kwenye nyusi. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Mie nilihesabu yote aliyofanya," akasema taratibu. "Sikukumbuka kwamba yana mwisho."

"Na kwa nini hakutoka mapema?" Auleria akauliza.

Praygod akatazama sakafu. "Nilimzuia. Mara mbili."

Nassibu alisubiri hasira imjie, haikuja. Kilichokuja ni swali lingine. "Hizo hela zenyewe zimepigwaje hesabu? Maana ovataimu hulipwa mara moja na nusu. Hii naona kama siku ya kawaida tu."

"Moja na nusu ilishaingia," Auleria akasema. Akachukua vijiko vya chai vilivyokuwa pembeni ya kompyuta, akavipanga mezani kama vya kuhesabia. "Siku yako ya kazi ni masaa saba na nusu. Chukua masaa matano ya ziada uliyofanya. Tukayazidisha kwa moja na nusu, yakawa saba na nusu. Siku moja kamili. Kila masaa yako matano yamekupa siku. Nyongeza yako iko ndani ya siku, huwezi kuizidisha tena wakati wa kulipa. Kiwango cha siku ni mshahara wa mwezi ugawe kwa ishirini na sita, kwa sababu unafanya kazi siku sita kwa wiki. Umeelewa?"

"Sawa," Nassibu akasema. Kisha akafikiri. Masaa aliyaelewa. Hata ile ya ishirini na sita aliielewa. Kilichobaki hakikuwa kwenye vijiko. "Basi zichukueni hizo hela. Nirudishieni siku zangu."

"Hesabu za mishahara zimeshafungwa. Kodi imeshakatwa. Siku ikishageuzwa hela hairudi kuwa siku."

"Dada Auleria, mie hela sikuomba."

"Najua."

"Niliomba siku. Mama yangu amekuwa akipapasa ukuta. Nilikuwa ninaziweka siku moja moja, halafu mnaniambia zimeoza."

"Hazikuoza. Zimelipwa. Hakuna aliyekudhulumu senti."

Na hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Angedhulumiwa angejua pa kusimama. Hapa kila mtu alikuwa sahihi, hela ilikuwa sahihi, na yeye bado alihisi kama mtu aliyeibiwa kitu asichoweza kukitaja polisi.

Praygod akaingilia. "Asiandikwe mtoro, dada. Mimi ndiye niliyemruhusu. Kosa liandikwe kwangu."

"Sitamwandika mtoro," Auleria akajibu. "Lakini siku zile lazima zikae mahali. Bwana Nassibu, likizo yako ya mwaka imebaki siku tisa. Ukikubali, siku saba tuzitoe huko. Utabaki na mama hadi mwisho wa wiki ya pili kama ulivyopanga, na hela ni yako."

Likizo ya mwaka ilikuwa na mwenyewe. Alikuwa amemwahidi Raudha kwamba Desemba watakwenda Pangani kwenye harusi ya Yasmini, mtoto wa kaka yake Raudha, wakae kabisa, si kwenda na kurudi. Alitaka kuomba muda amuulize mkewe. Badala yake akasema sawa, akatia saini.

Jioni alimweleza Raudha kila kitu, mara mbili, na mara ya pili hesabu ikatoka tofauti na ya kwanza. Raudha alikuwa akikunja vitenge.

"Kwa hiyo una hela zaidi na likizo pungufu."

"Ndiyo."

"Na ukiziweka pamoja ni sawasawa?"

"Dada Auleria anasema sawasawa."

"Wewe unasemaje?"

Nassibu akaokota kitenge kimoja, akakikunja vibaya. Raudha akaendelea kukunja. "Pangani nitatangulia mie," akasema hatimaye. "Nauli na zawadi ya Yasmini zitoke kwenye hela hizo. Wewe utakuja siku zozote utakazobakiwa nazo. Ila nimechoka na hiyo sawa yako. Ungewaambia 'ngojeni nikamuulize mke wangu', wangekufanya nini?"

Akamwomba msamaha, na Raudha akasema ameshasamehe, japo kwa sauti ya mtu ambaye bado.

Siku zilizobaki Nassibu alizitumia na mama yake. Kuna asubuhi Bi Mwanaheri alikaa barazani akawa anamtajia rangi: kanga ile nyekundu, ndoo ile ya bluu, kuku wa Mama Najat mwenye shingo tupu. Alizitaja kwa furaha kama mtoto, na kila mara mwanawe aliitikia. Moyoni alijiuliza siku hii inahesabiwa wapi, kwenye fidia au kwenye mwaka, akashindwa kukumbuka.

Desemba Raudha alitangulia na zawadi ya seti ya sufuria. Nassibu alifika usiku wa kuamkia harusi, siku ya harusi akala pilau, akacheza kidogo kwa aibu, na kesho yake, siku zake mbili zikiwa zimekwisha, ikabidi arudi. Raudha alimsindikiza hadi kituoni. Gari lilichelewa, na Nassibu akamshika mkono mkewe mbele za watu, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.