Tarehe Mosi Januari

Mimi si mtu wa kutulia. Hata mashine ya fotokopi ikipata moto, mguu wangu unagonga sakafu. Asubuhi ile dukani kwangu, mpakani Busia, foleni ilikuwa imefika barabarani: madereva wa malori wakitaka nakala za vibali, mwanafunzi na barua ya kuomba kazi, na mbele yao bibi mmoja kutoka kijijini Sop Sop, aliyetaka nimjazie fomu ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Mtoto alikuwa amepata mfadhili wa shule. Karatasi zilitakiwa siku hiyohiyo, kabla ofisi ya usajili haijafungwa.

"Mama, alizaliwa lini?"

"Ilikuwa wakati ya mvua. Tulikuwa napanda mbegu ya wimbi."

"Tarehe?"

"Wewe andika tu, mwanangu."

Nikaandika tarehe mosi Januari. Sisi wapiga chapa ndiyo kawaida yetu: asiyejua siku yake tunampa hiyo, maisha yanaendelea. Nilichapa, akaweka alama ya kidole, nikaita mwingine.

Saa tisa alirudi, jasho likimtiririka.

"Wamekataa. Wanasema tarehe ya wewe na ya kanisa si moja."

Akafungua mfuko wa plastiki, akatoa kadi ya ubatizo. Siku ya kuzaliwa ilikuwa imeandikwa humo kwa wino wa buluu, ya Aprili, wazi kabisa. Damu ilinichemka.

"Kadi unayo! Mbona hukunipa?"

"Hukuuliza."

Ilikuwa kweli. Niliona aibu mbele ya foleni nzima.

Nikarekebisha tarehe, nikabonyeza kuchapa, na umeme ukakatika. Laputopu ilibaki hai, printa ikafa na karatasi nusu mdomoni. Nikahamishia fomu kwenye flashi, nikawaachia wateja duka wazi, nikakimbilia kwa jirani mwenye jenereta. Alikuwa akichapa hati za forodha. Nilimsihi mpaka akanipisha. Bibi alikuwa mlangoni, akitazama jua. Nikamsomea kila mstari, polepole, jambo ambalo asubuhi sikulifanya. Nilipofika kwenye Aprili aliitikia kwa kichwa.

"Ndiyo. Mvua ilikuwa nanyesha."

Nilimwitia bodaboda, nikamwambia dereva akimbize. Jioni bibi alipita akielekea kwao, akainua karatasi yenye mhuri juu, hakusimama.

Nilirudi kwenye kiti changu lakini sikuweza kukaa. Nilitoa kitambulisho changu mfukoni. Kinasema nilizaliwa tarehe mosi Januari. Marehemu mama alizoea kuniambia kwamba nilizaliwa wakati wa kuvuna mtama, siku ya soko, naye akiwa njiani kurudi. Sijui ni nani aliyemjazia fomu. Najua tu kwamba hakumuuliza.