Meneja Aliyemwamsha Mama

Saa tano na dakika arobaini usiku simu yangu ililia, na mama, anayelala chumba cha pili, akawa tayari ameketi kitandani. Kwetu kijijini Daudi simu ya usiku ni msiba, hakuna mjadala.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Ni meneja. Anataka orodha ya ng'ombe waliochanjwa Hanang."

"Usiku huu? Ng'ombe wenyewe wamelala."

Ujumbe wenyewe haukuwa na salamu: "Orodha iko wapi? Naihitaji." Nilikuwa nimekwisha kuufungua, tiki zikawa za buluu, kwa hiyo kujifanya nimelala kulishindikana. Mkataba wangu wa majaribio ulikuwa umebakiza wiki mbili, na aliyekuwa na kalamu ya kuuongeza ni yeye. Niliogopa, sitaficha.

Nikaandika: "Samahani sana bosi, naamka sasa hivi naifanya." Nikafuta. Nikijibu hivi leo, kesho ataniuliza saa nane usiku. Nikaandika: "Kazi huisha saa kumi na nusu." Nikafuta haraka, kidole kisije kikaniponza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani, tayari kwenda kumlilia mtu.

"Mwamkie kwanza," alisema. "Halafu mwambie lini."

Basi nikatuma hivi: "Shikamoo meneja. Ujumbe nimeupata. Orodha utaipata saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya kikao chako cha saa nne. Sasa nimepumzika. Likiwa ni jambo la dharura, kama ng'ombe wanakufa, nipigie, nitapokea. Naomba tu ujue kwamba mama ameshavaa kanga ya msibani."

Sentensi ya mwisho ilikuwa utundu mtupu. Nilipoituma nilitamani kuivuta kwa kamba.

Jibu likaja: "Marahaba."

Sikulala vizuri. Asubuhi niliwahi ofisini Mbulu mjini, nikahamisha hesabu kutoka daftari langu la uwandani na kuzikagua boma kwa boma. Saa mbili na dakika kumi orodha ilikuwa kwa meneja. Alipopita mezani kwangu alisema, "Imefika," basi. Nikahesabu siku zilizobaki nikiwa na uso wa mtu anayesubiri hukumu.

Wiki mbili baadaye aliniita, akasukuma mkataba mpya mbele yangu. "Mimi napenda mtu akisema saa mbili na nusu isizidi saa mbili na nusu," alisema. Kisha akainamia makaratasi. "Mama hajambo?"

Hakuacha kuandika usiku. Watu hawabadiliki hivyo. Mwezi uliofuata simu ililia tena saa tano, na mama akaanza kutafuta kanga. Nikamsomea kwa sauti:

"Mwambie mama hakuna aliyekufa. Ni kazi ya kesho. Usijibu."

Mama alicheka, akarudi kulala. Mimi nilitaka sana kumjibu meneja "sawa".