Rispa na Pikapu ya Matanga

Ukitaka kumjua Rispa Omanga, utamsikia akicheka kabla hujamwona. Anauza dagaa wa omena na nyanya sokoni Uriri, ulimi wake hauna pazia, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha matanga. Tukifiwa, simu zake zinatosha kutuamsha wote: huyu alete kuni, yule maji, wengine wasimamishe hema. Siku ya kuleta mwili, pikapu ya Noor huenda mochari. Noor ni mfanyabiashara kutoka Garissa anayeuza saruji. Kwao maiti huzikwa mapema, na bado hashibi kushangaa jinsi tunavyolisha watu wiki nzima. Lakini mchango wake haukosi kamwe.

Kilichomkera Rispa ni mazishi ya jirani yetu Obare. Tulichinja ng'ombe, tukakodi spika kubwa kuliko za kanisa, ilhali siku alipozidiwa Obare alikosa hata nauli ya kufika hospitali Migori. Mkutano uliofuata Rispa akasimama.

"Sisi tunangoja mtu akufe ndio tumpende," akasema. "Mimi nimechoka."

Mzee Gordon, mweka hazina wetu tunayemwita Jaduong' kwa heshima, akampinga, na ukweli usemwe, hoja yake ilikuwa na meno. Kifo humjia mtu mara moja, alisema, lakini ugonjwa huja kila mvua ikinyesha. Tukianza kulipia dawa, kikundi kitafilisika na siku ya msiba tutaangaliana tu. Wengi walitikisa vichwa wakimkubali. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Rispa hakukasirika. Alikubali kwamba dawa ni mzigo wa kutuua. Basi tufanye kidogo: tutenge sehemu ya mchango wa kila mwezi, iwe mbali na pesa za mazishi, na ilipie kitu kimoja tu, mafuta ya kumfikisha mgonjwa wa dharura hospitali. Noor akasema gari ni lake, hataki kodi. Tukapiga kura tujaribu mpaka Desemba, na mikono ikainuka kila upande. Gordon peke yake aliikunja yake.

Wa kwanza kuhitaji msaada huo alikuwa mke wa mwanawe.

Lorine alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza mchana wa mvua, mtoto akagoma kutoka, na mkunga akasema wazi kwamba jambo hili linataka daktari. Pikipiki zilikuwa zimekataa tope. Rispa akampigia Noor, naye akaja mbio. Lakini Lorine alipoiona pikapu akashika nguzo ya nyumba.

"Hiyo gari ndiyo ilileta Obare. Mimi siingii."

Hakuna aliyemcheka. Sote tulilijua gari lile kwa kazi moja tu, na mama mjamzito ana haki ya kuogopa. Gordon alisimama mlangoni, hajui amsihi nani. Damu ilikuwa imeanza kuonekana kwenye leso ya Lorine, nami nilianza kuomba kimoyomoyo.

Rispa akapanda nyuma ya pikapu. Akalala chali mahali pale pale tunapoweka jeneza, mvua ikimpiga usoni.

"Kama iko na mkosi, ianze na mimi," akasema. "Sasa kuja, nyathina, mtoto wangu. Mimi ni mzito, siwezi kukufa haraka."

Lorine alicheka na kulia kwa pamoja, kisha akaiachia nguzo. Tulimweka mbele kando ya Noor, sisi wengine tukalisukuma gari mpaka barabara ya lami, tope mpaka magotini, tukipiga kelele kama wenye harusi. Sijawahi kuchoka kwa furaha namna ile. Lorine alipasuliwa hospitalini Migori jioni hiyo hiyo. Daktari alimwambia Rispa kwamba kama wangelala nyumbani, angekuwa akizungumzia wafu wawili.

Siku waliporuhusiwa, Noor aliingia kijijini akipiga honi, mazoea yake ya kuleta mwili. Bibi Milka, ambaye hakuwa na habari, aliruka kutoka jikoni akiomboleza, kanga kichwani, na wanawake wa boma la pili wakamwitikia. Watu wakaanza kukimbia barabarani. Ndipo Rispa akasimama nyuma ya pikapu na kupiga vigelegele vikali hata Milka akanyamaza mdomo wazi. Mbele, Lorine alikuwa ameketi, mtoto kifuani.

Gordon alikuwa langoni. Aliposikia ile honi mkono wake uliivua kofia wenyewe, akabaki ameishika, macho yamejaa maji.

Rispa akashuka, akamchukua mtoto kwa mama yake, akamweka mikononi mwa babu yake.

"Vaa kofia, Jaduong'," akamwambia. "Huyu amekuja kukaa."