Risiti Niliyoiunguza na Barua ya Kibodi

Binti yangu wa mwisho ana chumba kidogo cha stesheneri upande wa Mnazi Mmoja. Anachapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya pango na hati za kuuziana viwanja. Laptop anayofanyia kazi nilimnunulia mimi, Kariakoo, ikiwa mpya ndani ya boksi, na dhamana ya mwaka mmoja.

Kabla mwaka haujaisha, baadhi ya vitufe vilikufa. Kwanza ilikuwa herufi moja ya pembeni, akaivumilia. Kisha ikafuata a.

"Baba, kwa Kiswahili bila a nitaandika nini?" aliniuliza. "Hata jina la mteja halitoki."

Akachomeka kibodi ya nje aliyoazima kwa jirani, na herufi zote zikaandika. Hapo tukajua kwamba ubovu uko kwenye kibodi ya laptop yenyewe, si kwenye programu. Lakini jirani aliitaka kibodi yake kila jioni, na wateja walikuwa wameanza kwenda stesheneri nyingine.

"Nipe risiti nikawaone," alisema.

Nikamwambia hilo aniachie mimi. Nimefanya kazi ya ukarani miaka mingi, na nilijiona najua jinsi ya kudai haki kwa maandishi. Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Sababu ya kweli ni kwamba risiti ilikuwa imeharibika, na niliyeiharibu ni mimi.

Siku niliponunua, aliniambia niitoe kivuli risiti ile kwa sababu hufifia. Niliona kivuli hakitoshi. Alipotoka kwenda kuswali, niliwasha mashine yake ya laminesheni, ile inayofunika vyeti kwa plastiki ya moto, nikaipitisha humo ili idumu. Sikujua kwamba karatasi zile hazitumii wino, huandikwa kwa joto. Ilitoka upande wa pili ikiwa nyeusi tii, imefungwa vizuri ndani ya plastiki yake. Niliitia kwenye bahasha nikanyamaza.

Kwa hiyo jina la duka nililitoa kichwani. Nilikumbuka winga, wale vijana wanaokamata wateja mtaani na kuwapeleka madukani. Nilikumbuka duka alimonikalisha, stuli ya plastiki, na mama wa Kichaga mwenye duka aliyenipa maji ya kunywa. Winga alitoka, akarudi na boksi, akachukua fedha, akarudi na risiti. Mimi sikunyanyuka.

Barua niliiandika kwa mkono, ukurasa mzima. Kichwa chake kilisomeka: "Yah: Kubadilishiwa kibodi ya laptop iliyo ndani ya dhamana." Hadi hapo ilikuwa sawa. Baada ya hapo niliandika kuhusu udanganyifu unaofanywa dhidi ya wazee, na kuhusu wafanyabiashara wanaokupokea kwa maji baridi na kukuuzia kitu kibovu. Nikaongeza kwamba risiti halali ninayo na itatolewa ikihitajika. Namba ya mashine sikuiandika. Wala sikuandika ni vitufe gani vimekufa.

Niliipeleka mwenyewe asubuhi, duka likiwa na watu. Nilimkabidhi yule mama barua na nakala, nikamwomba asaini nakala kwamba amepokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Soma kwanza."

Akaisoma kwa sauti ya chini, na alipofika kwenye neno udanganyifu sauti ikapanda. Wateja wakageuka.

"Mzee wangu, hii laptop umenunua kwangu?"

"Nilikaa kwenye stuli ile pale."

"Kukaa umekaa. Kununua je?"

Nikasema nilinunua.

"Risiti?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaitoa. Kijana mmoja aliyekuwa akichagua chaja aliinama kuitazama.

"Babu, hiyo risiti au kipande cha mkaa?"

Watu wakacheka. Yule mama hakucheka. Aliigeuza nyuma na mbele, akaniuliza nimeifanya nini. Nikamweleza, na hilo nililieleza lote, la mashine na la kunyamaza.

"Mimi siuzi laptop," alisema. "Tazama ukutani. Chaja, mabegi, spika. Mawinga wanakalisha watu hapa kwa sababu nina stuli. Mzigo wanachukua ghorofani au kwa jirani. Ungeniuliza kabla ya kuniandikia matusi, ningekwambia."

"Nilidhani..."

"Umedhani kwenye karatasi, mzee."

Ningekuwa mimi, ningemrudishia mtu huyo barua yake na kumwonyesha mlango. Yeye alinitaka nimweleze laptop ni ya aina gani na winga alikuwaje, akapiga simu.

"Kaka, kuna mzee hapa chini, ana laptop ya kampuni ile unayouza wewe. Alikuja na yule winga mrefu. Ndiyo, risiti ipo lakini imeungua. Mtazamie." Alipokata simu akaniuliza, "Boksi unalo?"

Boksi lilikuwapo kwa binti yangu. Nikalifuata, na laptop pia. Binti aliniuliza kwa nini nahema, nikamwambia ukweli wa risiti. Alitoa nyaya zake, akahifadhi kazi za wateja kwenye flashi, akanipa mashine.

Muuzaji wa ghorofani alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye haraka. Alilinganisha namba ya kwenye boksi na ile iliyobandikwa chini ya laptop, akaiingiza kwenye kompyuta yake. Mauzo yakaonekana, tarehe na risiti.

"Ni yetu, na dhamana ipo," alisema. "Lakini itaenda kwa mafundi wa kampuni waifungue. Wakikuta imeingia maji, dhamana hakuna, utalipia mwenyewe. Na niandikie barua fupi ya kwenda nayo. Namba ya mashine, tarehe uliyonunua, vitufe gani havifanyi kazi, mmejaribu nini, unaomba nini. Basi."

Niliiandika pale pale kwenye kaunta. Haikujaza hata nusu ya karatasi. Nilitaja vitufe, nikaeleza kwamba kibodi ya nje inafanya kazi, nikaomba wabadilishe.

Muda wa kusubiri ulikuwa mrefu. Binti yangu alikodi mashine ya rafiki yake kwa siku chache, zilizobaki alikuwa akipokea kazi za kutoa kivuli tu. Nilimuuliza zaidi ya mara moja kama aliwahi kumwaga chai. Mara ya mwisho alinijibu, "Baba, mimi si wa kuunguza vitu." Nilistahili.

Simu ilipokuja, walisema hawakukuta dalili ya maji. Wamebadilisha kibodi pamoja na bamba lake la juu, kwa kuwa kwa mashine hiyo vimeshikana, na hakuna malipo. Nilijaribu vitufe vyote kwenye kaunta ya ghorofani, kimoja kimoja, kisha nikasaini kupokea.

Nikashuka ngazi hadi kwa yule mama. Nilikuwa nimefikiria kumwandikia barua ya radhi, nikaona barua moja kwake inatosha. Duka lilikuwa limejaa kama siku ile. Nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba nilimwita mama huyu mdanganyifu mbele za watu, kwamba laptop hakuniuzia yeye, na kwamba risiti niliiunguza mwenyewe.

Wateja walinitazama. Hakuna hata mmoja aliyekuwapo siku ile.

"Kibodi umepata?" aliniuliza, akiendelea kuhesabu chenji.

"Nimepata. Bila wewe nisingepata."

"Haya mzee. Ingia ndani au utoke, umeziba mlango."

Nikatoka, nikampelekea binti mashine yake.